Wasifu wa Utumishi: Kueleza Kazi Bila Kujitapa

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa halmashauri na watumishi, wenyeviti wa mitaa na wananchi wa Kata ya Kambarage)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana ni la watumishi peke yao, nalo ni namna mtumishi wa umma anavyoandika wasifu wake pale jina lake linapopelekwa mbele ya kamati inayopima nani apewe cheo cha juu zaidi. Niliuliza kwa nini wananchi nao waalikwe. Mtendaji wetu alinijibu kwa sentensi moja: "Kwa sababu mengi yanayoandikwa humo yametendeka mbele yao." Jibu hilo lilinitosha.

Naomba nianze kwa kuungama kosa. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, katika halmashauri nyingine ambayo sitaitaja, niliandika habari ya vyumba viwili vya madarasa vilivyokamilika. Niliandika kwamba afisa fulani "amejenga madarasa mawili". Habari ilibandikwa kwenye mbao za matangazo, nami nikajiona nimefanya kazi nzuri. Siku chache baadaye mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza, bila hasira yoyote: "Mwanangu, mawe yale aliyabeba peke yake?" Wananchi walikuwa wamesomba mawe, mchanga na maji kwa majuma kadhaa. Walijenga boma hadi usawa wa lenta, ndipo fedha za halmashauri zikaja kumalizia. Afisa yule alikuwa amefanya kazi ya maana kweli: aliandaa makadirio ya vifaa, akasimamia mapokezi yake na kuandika taarifa. Lakini kwa neno moja, "amejenga", mimi nilimpa jasho la watu wengine, na hapohapo nikaificha kazi yake halisi. Sentensi ile iliwadhulumu wananchi, nayo ilimdhulumu afisa mwenyewe.

Tangu hapo nimesoma na kusahihisha wasifu mwingi wa watumishi, na karibu kila mara nakutana na moja kati ya makosa mawili. Wapo wanaojitapa, na wapo wanaojificha. Wanaojificha ndio wengi zaidi, hasa kwetu Usukumani, ambako mtoto hufundishwa mapema kwamba mtu hajisifu mwenyewe. Nao huwa na methali mkononi: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo ni ya kweli sokoni, ambako mnunuzi hulishika embe na kulinusa. Kamati haina nafasi hiyo. Wajumbe wake hawakuwahi kukuona ukitembea Kambarage wakati wa masika. Mbele yao wana majalada, na kila jalada wanalipa dakika chache. Asiyeandika alichofanya hawezi kulalamika kwamba hakujulikana.

Tusaidiwe na lugha yetu wenyewe. Neno "wasifu" na neno "sifa" yana asili moja, na neno "sifa" lina maana mbili. Tangazo la kazi linaposema "sifa za mwombaji", halimaanishi pongezi. Linamaanisha mambo yanayoweza kuthibitishwa, kama vile elimu, uzoefu na miaka ya utumishi. Tunaposema "amempa sifa", hapo ndipo tunamaanisha pongezi. Wasifu wa utumishi ni kazi ya ile maana ya kwanza. Mtumishi huweka maelezo mezani, na pongezi huwaachia wajumbe waamue wenyewe kama zinastahili. Mtu anayejitapa amewanyang'anya wajumbe kazi yao, na anayejificha amewanyima vifaa vya kuifanyia.

Kabla sijafika kwenye uandishi wenyewe, nieleze wasifu huu unakaa wapi. Kupanda daraja la kawaida, kwa mfano kutoka daraja la pili kwenda la kwanza, huongozwa na Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada husika, na tange, yaani orodha ya watumishi kwa kufuata ukubwa wao kazini. Ikama na bajeti nazo huangaliwa, na matokeo ya upimaji wa utendaji huwekwa mezani. Huko maneno mazuri hayana nafasi kubwa. Wasifu hupata uzito pale panapotafutwa mtu wa kushika madaraka, kama vile kuongoza kitengo au idara, kwa kuwa hapo watu kadhaa wanaweza kuwa na vyeti na miaka inayolingana. Kamati hutaka kujua kila mmoja alifanya nini na nafasi aliyokuwa nayo.

Upimaji wenyewe umebadilika. Kuanzia mwaka 2004 tulikuwa na OPRAS, fomu ambazo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo ya mwaka. Sote twakumbuka jinsi fomu zile zilivyokuwa zikijazwa kwa haraka mwishoni mwa mwaka wa fedha. Sasa tuna PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambamo mtumishi huingiza kazi zake kadiri anavyozifanya na msimamizi wake huzipitia. Maana yake kwa mwandishi wa wasifu ni nyepesi kueleza: unachodai kwenye karatasi kiwe kimeacha alama mahali pengine. Mjumbe akisoma kwamba mwaka fulani uliongoza zoezi kubwa, kisha taarifa zako za mwaka huo haziligusi kabisa, hatakuuliza kuhusu zoezi hilo tu. Ataanza kutilia shaka ukurasa mzima.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mazungumzo haya, nacho ni mafanikio ya taasisi. Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Halmashauri imefanikiwa jambo, nawe ulikuwemo. Je, uandike "nilifanikisha", au uandike "tulifanikiwa"?

Nitachukua mfano mkubwa wa hapa kwetu mkoani. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wazee hapa wanaujua kwa jina la HASHI. Nchi yetu ilikuwa imevuliwa nguo. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba, nayo mifugo ilikuwa mingi kuliko majani. Mwanzoni mradi ulitilia mkazo vitalu na ugawaji wa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Baadaye wataalamu waligeukia jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo tangu zamani, nalo ni ngitili: eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani na vichaka vipate kuota, na mifugo ipate malisho kiangazi. Hesabu zinazotajwa zinasema kwamba mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipokuwa unaelekea ukingoni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa zimevuka hekta 300,000.

Sasa mfikirie afisa misitu aliyetumikia mradi ule, ameketi na kuandika wasifu wake. Akiandika "Nilirejesha hekta 300,000 za misitu Shinyanga", hata mtoto atacheka. Zilifungwa na kaya na vijiji, kwa maarifa ya wazee wao, na zililindwa kwa sheria zao wenyewe. Akiandika "Mradi ulifanikiwa kurejesha uoto", amesema kweli, ila hajasema lolote juu yake mwenyewe. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na dereva wa mradi, mhasibu, au mgeni aliyepita siku moja. Na akiandika "Niligawa miche mingi", huenda ametaja sehemu ya kazi yake ambayo haikuwa na matokeo makubwa kuliko zote.

Sentensi njema kwake ingekuwa na ngazi tatu. Ya kwanza ni taasisi: mradi ulikuwa unafanya nini na ulifika wapi. Ya pili ni wajibu: yeye alipangiwa sehemu gani, vijiji vingapi, kuanzia lini hadi lini. Ya tatu ni tendo: kwa mikono yake alifanya nini katika vijiji hivyo, na nani walifanya pamoja naye. Msomaji akizipata ngazi zote tatu kwa utaratibu huo, anaona picha kubwa kwanza, kisha anamwona mtu mmoja ndani yake akiwa na kimo chake halisi. Majivuno hutokea mtu anaporuka kutoka ngazi ya kwanza hadi "mimi" bila kupita ya pili. Kujificha hutokea mtu anapobaki ngazi ya kwanza hadi mwisho wa ukurasa.

Tuyatazame sasa maneno yenyewe, hasa vitenzi, maana kitenzi ndicho kinachobeba dai. Ukiandika "nilisimamia", umedai kwamba watu au fedha zilikuwa chini yako na kwamba kazi ingeharibika ungeulizwa wewe. Ukiandika "niliratibu", umedai kwamba ulikutanisha idara au makundi yasiyo chini yako na kuhakikisha kila moja linatimiza sehemu yake. "Niliandaa" ina maana waraka ulitoka mkononi mwako. "Nilishiriki" ina maana ulikuwemo, wala haidai zaidi ya hapo. Vitenzi hivi vyote vina heshima yake. Tatizo ni kuvaa cha mwenzako. Mjumbe mzoefu humwuliza aliyeandika "nilisimamia" swali fupi: "Ulisimamia watu wangapi, na uliteuliwa kwa barua ipi?" Akianza kuzungukazunguka, imekwisha.

Neno "nilikaimu" lina hatari hiyohiyo. Kukaimu hufanywa kwa barua. Mkuu wako akisafiri juma moja akakuomba uangalie ofisi, ulimsaidia, na waweza kusema hivyo. Lakini usiandike kwamba ulikaimu ukuu wa kitengo kama hakuna barua kwenye jalada.

Kuna kauli nyingine inayotupendeza sana sisi watu wa ofisini, nayo ni ile isiyo na mtendaji: "mafanikio makubwa yalipatikana", "uhamasishaji ulifanyika". Wengi huitumia wakidhani ndiyo unyenyekevu. Mimi nasema ni ukungu. Msomaji hajui nani alihamasisha, wala nani alihamasishwa. Unyenyekevu wa kweli katika uandishi ni kutaja kila mtu mahali pake, nawe ukiwemo.

Tufanye sasa mfano mmoja kwa ukamilifu. Nimeutunga kwa ajili ya leo, tarakimu zake pia nimezitunga, lakini mazingira yake mnayajua. Tuchukue Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata fulani, anayependekezwa kuongoza kitengo. Kazi yake kubwa imekuwa mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kama mjuavyo, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Rasimu yake ya kwanza ilisema hivi:

"Mimi ni mchapakazi, mbunifu na mwadilifu wa hali ya juu. Katika kipindi changu nimefanikisha kwa kiwango kikubwa zoezi la mikopo na kuongeza urejeshaji kwa asilimia 70, jambo lililoleta sifa kubwa kwa halmashauri."

Tuisome kama mjumbe asiyemfahamu. Sentensi ya kwanza haina jambo hata moja linaloweza kuthibitishwa. Hakuna mtu aliyewahi kuandika kwamba yeye ni mvivu. Hiyo tunaifuta yote. Katika sentensi ya pili, "kipindi changu" hakina mwanzo wala mwisho. "Kwa kiwango kikubwa" ni kipimo kisicho na kipimo. Nayo ile asilimia 70 ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa haisemi ni asilimia 70 ya nini. Je, urejeshaji ulipanda kutoka asilimia 10 hadi 80? Au umekuwa mkubwa mara moja na sehemu saba? Mjumbe anayejua hesabu atauliza, na mwandishi mwenyewe atababaika.

Tukamwuliza afisa maswali manne. La kwanza: ulipoingia ofisini ulikuta nini? Akafungua daftari. Aliripoti Julai 2021 na kukuta vikundi 14 vyenye mikopo. 9 kati yake vilikuwa vimechelewesha marejesho ya jumla ya shilingi 21,000,000. La pili: ulifanya nini wewe? Akasema alilinganisha daftari la marejesho na hati za kuweka fedha benki, kwa kuwa vikundi vingine vilidai vimelipa bila kuonekana kwenye daftari. Kisha aliwatembelea wote 9 akiwa na watendaji wa mitaa, na kila kikundi kikapanga ratiba mpya, ambayo halmashauri iliiridhia. La tatu: mwisho wake ukawa nini? Hadi Juni 30, 2023 vikundi hivyo vilikuwa vimelipa shilingi 14,700,000. La nne, ambalo hakulitazamia: nini hakikufanikiwa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema vikundi vitatu havikumaliza. Wanachama wengi walikuwa vijana, nao walihamia machimboni, wengine Mwakitolyo na wengine upande wa Geita, wakiacha simu zisizopatikana.

Kutokana na majibu yale tukaandika upya:

"Kuanzia Julai 2021 nimekuwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Nilipopokea ofisi, vikundi 9 kati ya 14 vilikuwa vimechelewesha marejesho ya jumla ya shilingi 21,000,000. Nililinganisha daftari la marejesho na hati za benki, kisha pamoja na watendaji wa mitaa nikavitembelea vikundi vyote 9. Vikundi vilipanga ratiba mpya za kulipa, na halmashauri iliziridhia. Hadi Juni 30, 2023 vilikuwa vimelipa shilingi 14,700,000, sawa na asilimia 70 ya deni lililokuwa limechelewa. Vikundi 6 vilimaliza. Vikundi 3 vinadaiwa shilingi 6,300,000 kwa kuwa wanachama wengi walihama. Taarifa zake niliziwasilisha kwa mkuu wa idara kwa hatua zaidi."

Tazameni kilichotokea. Hakuna neno hata moja la kujisifu, hata hivyo mtu huyu ameonekana mkubwa kuliko katika rasimu ya kwanza. Watendaji wa mitaa wametajwa, vikundi vimepewa heshima ya kulipa deni lao wenyewe, na halmashauri imetajwa kwa sehemu yake. Asilimia 70 imebaki ileile, ila sasa ina miguu ya kusimamia. Na kila sentensi ina mahali pa kuthibitishwa: daftari, hati ya benki, ratiba zenye sahihi, taarifa kwa mkuu wa idara.

Afisa aliniuliza kama ni busara kuandika juu ya vikundi vitatu vilivyoshindwa. Nilimjibu kwamba ukiacha shilingi 6,300,000 nje ya maelezo, mjumbe atatoa 14,700,000 kutoka 21,000,000 na kuipata mwenyewe. Afadhali aipate kwako, ikiwa na sababu na hatua uliyochukua. Tena anayeteuliwa kuongoza kitengo ataletewa matatizo kila siku. Kamati inataka kuona unavyolishika tatizo lisilokwisha. Lakini liwe ni jambo la sentensi moja. Ukiandika aya nzima ya vikwazo, wasifu unageuka kuwa barua ya malalamiko.

Lilibaki suala la mwaka uliofuata. Mwezi wa Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hii nchini kote ili utaratibu wake urekebishwe, baada ya kasoro nyingi kubainika, vikiwemo vikundi hewa. Afisa wetu alitaka auruke mwaka wa fedha 2023/24 kana kwamba haukuwepo. Pengo katika wasifu hupiga kelele kuliko neno lolote. Tuliandika hivi: "Katika mwaka 2023/24 mikopo mipya ilikuwa imesitishwa kitaifa, kazi yangu katika eneo hili ilikuwa kufuatilia madeni ya zamani na kuhakiki uhai wa vikundi vilivyosajiliwa." Hakuilaumu Serikali, wala hakujipa kazi ambayo haikuwepo.

Mniruhusu niseme machache juu ya mambo madogo yanayoangusha wasifu mzuri. Majina yafanane na yaliyo kwenye vyeti na barua ya ajira, herufi kwa herufi. Tarehe ya kuajiriwa si tarehe ya kuthibitishwa kazini. Kati yake kuna kipindi cha majaribio, na mtu akizichanganya, hesabu ya miaka yake ya utumishi inakataa. Mafunzo ya siku mbili yasikae mstari mmoja na stashahada ya miaka miwili. Na urefu usizidi kurasa mbili, kwa kuchagua kazi tatu au nne zilizo kubwa na kuzieleza vizuri. Anayetaja mambo thelathini hakumbukwi kwa hata moja.

Sasa nirudi kwenu, wananchi wa Kambarage. Mtumishi akishaandika, nani atamwambia kama amezidisha? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nasi tunaojisomea wenyewe tuliyoandika huwa ni mgema na msifiaji kwa pamoja. Ushauri wangu kwa watumishi ni huu: kabla ya kuwasilisha, chukua ile aya inayohusu kazi ya mtaani, umsomee kwa sauti mtu aliyekuwepo. Anaweza kuwa mwenyekiti wa mtaa, katibu wa kikundi, au mjumbe wa kamati ya ujenzi. Usimwombe akusifu, mwulize tu, "Ndivyo ilivyokuwa?" Mahali atakapoguna, rekebisha. Na kama ulimi wako utakuwa mzito kusoma neno fulani mbele yake, neno hilo lifute kabla hata hajaguna.

Nanyi wananchi mna sehemu yenu, nayo ni mihutasari. Mkutano wa mtaa unapofanyika na kazi ya pamoja inapopangwa, dai muhutasari uandikwe, ukiwa na idadi ya waliofika, michango iliyotolewa na nani alipewa jukumu gani. Muhutasari huo ndio utakaomzuia mtumishi mwenye tamaa asiandike kwamba alijenga peke yake. Ndio huohuo utakaomwokoa mtumishi mnyenyekevu, yule mnayemwona kila asubuhi akipita na daftari lake kwapani, ambaye miaka inapita na hakuna anayejua huko juu kwamba yupo. Watu wa namna hiyo wakikosa nafasi kwa sababu hawakuandika, nafasi zao huchukuliwa na wenye midomo, na atakayehudumiwa na hao ni ninyi.

Mzee aliyeniuliza kuhusu mawe hakuwa amesoma mawasiliano ya umma, lakini swali lake ndilo somo ninalolitumia hadi leo. Kila ninapoandika kitenzi mbele ya jina la mtu, namsikia. Nawashauri nanyi mlikaribishe swali hilo mezani kwenu mnapoandika: mawe haya niliyabeba peke yangu? Kama hapana, waandike mliobeba nao. Kisha uliandike bila aibu lile jiwe ulilolibeba wewe.